Msokoto wa Tumbo kwa Farasi: Maumivu, Mkono wa Daktari na Saa ya Upasuaji

Msokoto wa tumbo kwa farasi si ugonjwa mmoja. Ni jina la maumivu yoyote yanayotoka tumboni, na chini ya jina hilo yamo mambo yasiyofanana hata kidogo: gesi inayopita yenyewe baada ya nusu saa, majani makavu yaliyokwama, na utumbo uliojinyonga ambao bila upasuaji humuua mnyama kabla ya kesho yake. Daktari wa mifugo anayeitwa zizini usiku halazimiki kuujua ugonjwa kwa jina lake kamili. Analopaswa kuamua kwanza ni kama farasi huyu atatibiwa palepale alipo, au apakiwe garini sasa hivi kupelekwa kwenye hospitali yenye chumba cha upasuaji. Uamuzi huo husimama juu ya mambo mawili kuliko mengine yote: ukali wa maumivu na jinsi yanavyoitikia dawa, na kile ambacho mkono hukigusa ndani ya tumbo kupitia puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo.

Maumbile ya farasi yanachangia sana shida hii. Mfuko wake wa chakula ni mdogo kuliko mwili wake. Kwa farasi wa kilo 500 hubeba lita 8 hadi 15 tu. Mlango wa juu wa mfuko huo umekazwa na msuli wenye nguvu kiasi kwamba farasi hawezi kutapika. Maji yakirudi nyuma kutoka kwenye utumbo ulioziba, hayana pa kutokea, na mfuko unaweza kupasuka. Baada ya mfuko hufuata utumbo mwembamba wenye urefu wa zaidi ya mita 20, ulioning'inia kwenye utando mrefu unaouruhusu kuzunguka. Kisha lipo pipa kubwa la kuchachushia majani, sekamu, upande wa kulia, na baada yake utumbo mpana, ambao umekunjwa mara mbili ili utoshee tumboni. Utumbo mpana huo umefungwa kwenye mwili upande wa shina lake tu. Sehemu ya kushoto inaelea, na gesi ikiujaza huweza kupanda juu, kuhama upande au kujipindua wote. Karibu na nyonga unakunja kona kali na kuwa mwembamba ghafla, na hapo ndipo chakula kikavu hupenda kukwama.

Kwa hiyo yapo madhara ya aina mbili, na tofauti yake ndiyo kiini cha mambo. Katika aina ya kwanza njia imeziba lakini damu inapita: kinyesi kimekauka, mchanga umejikusanya, gesi imejaa. Farasi anaumwa, lakini ukuta wa utumbo uko hai, na muda wa kumtibu upo. Katika aina ya pili utumbo umenyongwa. Mishipa ya damu imebanwa pamoja na njia ya chakula, na ukuta huanza kufa ndani ya saa chache. Ngozi laini ya ndani ndiyo hufa kwanza, na ikishakufa sumu za bakteria walioko ndani ya utumbo huvuja na kuingia kwenye damu. Kuanzia hapo farasi hapiganii utumbo peke yake, anapigania moyo na mzunguko mzima wa damu. Wengi wa farasi wenye msokoto wamo katika aina ya kwanza, na hupona kwa dawa, maji na kunyimwa chakula kwa muda. Wanaohitaji upasuaji ni wachache, lakini kwao kila saa inayopita hupunguza uwezekano wa kupona.

Maumivu hupimwa kwa kutazama kabla ya kugusa. Farasi mwenye maumivu madogo huacha chakula, hugeuza shingo kutazama ubavu wake, hukunja mdomo wa juu, huparura ardhi kwa kwato la mbele, hulala na kuinuka. Maumivu yakizidi, vitendo hivyo huja mfululizo na farasi huanza kugaagaa. Yakiwa makali kabisa hujitupa chini bila kujali ukuta wala mtu, jasho linamtiririka, na ana michubuko juu ya macho na kwenye mifupa ya nyonga. Michubuko hiyo ina maana hata pale ambapo mnyama ametulia daktari anapofika. Ni ushahidi wa saa ambazo hakuna mtu aliyekuwepo.

Uso nao husema. Mwaka 2014 watafiti walichapisha kipimo cha maumivu kinachotumia sehemu sita za uso wa farasi: masikio yaliyokakamaa kuelekea nyuma, macho yaliyofinywa, mkazo juu ya jicho, misuli ya taya iliyojitokeza, mdomo uliobanwa na kidevu kilichokazwa, na pua zilizokakamaa. Kipimo hicho kilijaribiwa kwanza kwa farasi waliokuwa wamehasiwa, na faida yake ni kumfundisha mtu kuona maumivu ya mnyama aliyesimama kimya. Kwa msokoto wenyewe vipo vipimo vingine vinavyohesabu vitendo kama kuparura, kulala na kugaagaa. Kipimo chochote kikitumiwa, kitumiwe na mtu yuleyule, kwa farasi yuleyule, kila baada ya muda uliopangwa, na majibu yaandikwe. Neno la saisi kwamba farasi "ana nafuu kidogo" lina thamani, lakini maandishi yanayoonyesha kwamba alilala mara mbili katika robo saa ya kwanza na mara sita katika robo saa iliyofuata yana thamani zaidi.

Yako mambo mawili yanayopotosha katika kupima maumivu. La kwanza ni tabia ya mnyama. Farasi mchanga wa mbio huweza kugaagaa kwa gesi tu, na farasi mzee wa kazi huweza kusimama ameinamisha kichwa huku utumbo wake umenyongwa. Punda ni mgumu kusomeka kuliko wote. Anayewatunza punda wa Lamu au wa mikokoteni ya bara asingoje kuona mnyama akigaagaa. Punda aliyezubaa na kukataa kula anaweza kuwa tayari katika hali mbaya. La pili ni utulivu wa ghafla. Farasi aliyekuwa akijitupa kwa saa tatu kisha akasimama kimya, akitokwa na jasho baridi, ufizi wake ukiwa wa rangi ya zambarau, hajapona. Huenda utumbo umekufa na kupoteza hisia, au mfuko wa chakula umepasuka na shinikizo likaisha. Wamiliki wengi hufurahi wakati huo, na daktari analazimika kuwaambia habari iliyo kinyume kabisa na wanachokiona.

Kwa sababu hiyo maumivu huwekwa kando ya vipimo vya mwili. Mapigo ya moyo ya farasi aliyetulia ni kati ya 28 na 44 kwa dakika. Yakipita 60 na kubaki hapo, hali ni nzito. Yakifika 80 au zaidi, mara nyingi mzunguko wa damu umeanza kushindwa. Ufizi ukibonyezwa kwa kidole hupauka, na rangi inapaswa kurudi ndani ya sekunde mbili. Sikio huwekwa kila upande wa tumbo, juu na chini, maana ukimya wa utumbo pande zote ni dalili mbaya kuliko kelele nyingi. Joto la mwili hupimwa kabla mkono haujaingia kwenye puru, kwa kuwa hewa inayoingia huharibu kipimo.

Halafu hupitishwa mpira kupitia puani hadi kwenye mfuko wa chakula. Mpira huo ni uchunguzi na ni tiba kwa pamoja. Maji yakitoka zaidi ya lita mbili kuliko yaliyotiwa, utumbo mwembamba haupitishi kitu. Zikitoka lita 8 au 10, farasi ameokolewa kwa wakati huo na hatari ya kupasuka. Farasi wa namna hii hanyweshwi kitu chochote, si mafuta, si maji, hadi kujulikane kinachoendelea.

Uchunguzi kupitia puru ndio unaompa daktari picha ya ndani pasipo mashine. Nao una hatari yake: ukuta wa puru ya farasi ni mwepesi kuchanika, na mchaniko unaoingia ndani ya tumbo ni wa kuua. Ndiyo maana farasi hushikwa vizuri, hupewa dawa ya kumtuliza, na mara nyingi hudungwa dawa ya kulegeza puru inayojulikana kwa jina la Buskopani. Dawa hii hupandisha mapigo ya moyo kwa muda, kwa hiyo lazima yawe yamehesabiwa kabla. Daktari huvaa glavu ndefu iliyopakwa mafuta ya kutelezesha kwa wingi, hutoa kinyesi chote kwa upole, na farasi akisukuma, mkono husimama au kurudi nyuma, haulazimishwi mbele. Glavu ikitoka na damu, uchunguzi hukoma papo hapo na kinachofuata ni kutafuta ilikotoka. Kwa farasi mdogo sana au anayejitupa bila kuzuilika, ni heri kuukosa uchunguzi huu kuliko kuufanya kwa nguvu.

Mkono hufikia kama theluthi tu ya tumbo, ile ya nyuma. Kwa hiyo hufuata njia moja kila mara ili usisahau kitu. Kushoto juu hukutana na wengu uliolala kwenye ukuta wa mwili, kisha figo la kushoto, na kati ya hivyo viwili uwazi ambao vidole vinaweza kuingia. Katikati juu ipo mishipa mikubwa ya damu na shina la utando wa utumbo. Kulia huguswa ukanda wa sekamu unaoshuka kwa mshazari, umelegea. Chini kushoto ipo kona ya utumbo mpana, laini kama godoro lenye maji. Utumbo wa mwisho una madonge ya kinyesi. Kwa dume hutafutwa pia matundu ya kinena, ambako kipande cha utumbo huweza kuchungulia na kunaswa. Utumbo mwembamba wenye afya kwa kawaida hautambuliki kwa mkono, na jambo hilo ndilo linaloupa uzito pale unapotambulika.

Kilichokwama kwenye kona ya nyonga huhisiwa chini kushoto kama kinyunga kigumu kinachobonyea kidole kikikibonyeza na kubaki na alama. Farasi wa aina hii mara nyingi ana maumivu madogo na moyo usiozidi 50. Hunyimwa chakula, hupewa maji yenye chumvi kwa mpira, lita 6 hadi 8 kila baada ya saa mbili au zaidi kidogo alimradi mfuko haurudishi, na kinyunga hulainika kwa siku moja hadi tatu. Gesi kwenye utumbo mpana huhisiwa kama mpira uliojazwa, na kanda zake zikiwa zimekazika. Kanda hizo zikipanda kushoto kuelekea uwazi wa kati ya wengu na figo, na wengu ukiwa umesukumwa katikati, utumbo umepanda juu ya kano inayounganisha viungo hivyo viwili na kuning'inia hapo. Hali hii haimaanishi kisu moja kwa moja. Ipo dawa ya kusinyaza wengu, ambayo hufuatwa na kumkimbiza farasi kwa mzunguko ili utumbo ushuke, nayo hufanikiwa kwa wengi ikiwa gesi si nyingi na maumivu hayajazidi.

Vitu viwili hubadilisha mazungumzo. Cha kwanza ni mirija iliyokazika ya utumbo mwembamba, minene kama mkono wa mtoto, imepangana na haibonyei. Cha pili ni utumbo mpana uliojaa kiasi cha kuziba mlango wa nyonga, mkono usiweze kupita kiwiko, kanda zikielekea kusikotarajiwa. Kila kimoja kikiambatana na maumivu makali ni sababu tosha ya kupiga simu hospitali. Lakini kinyume chake hakithibitishi kitu. Puru isiyo na dosari haiondoi utumbo ulionyongwa katika theluthi mbili ambazo mkono haufiki, wala ule ulionyongwa saa moja iliyopita na bado haujajaa.

Mfano mmoja wa kawaida unaonyesha jinsi mambo haya yanavyofuatana. Farasi dume aliyehasiwa, mwenye miaka 19 na uzito wa kilo 480, anakutwa saa kumi na mbili jioni hajamaliza chakula na anaparura. Daktari anafika saa moja usiku. Moyo unapiga 52, ufizi ni wa waridi, mpira hautoi kitu, na mkono haugusi chochote cha kutisha isipokuwa madonge machache makavu. Anadungwa flunixin, miligramu 1.1 kwa kila kilo, dawa ambayo kwa msokoto mdogo hutosha usiku kucha. Daktari mwenye haraka angeondoka hapo akimwambia saisi apige simu asubuhi. Huyu anaagiza farasi aangaliwe tena baada ya saa moja na nusu, na sababu ni umri. Farasi waliopita miaka 15 huota vinundu vya mafuta vyenye vikonyo virefu kwenye utando wa utumbo, na kikonyo hicho huweza kuuzunguka utumbo mwembamba na kuunyonga.

Saa mbili na nusu farasi amelala na kugaagaa, ingawa dawa ilipaswa kuwa katika nguvu zake. Moyo umefika 68. Mpira unatoa lita 7. Mkono sasa unakutana na mirija mitatu iliyokazika mbele ya nyonga. Maji yanavutwa kwa sindano kutoka tumboni: badala ya rangi ya manjano angavu yana wekundu wa damu, na lakteti, asidi inayozalishwa na tishu zinazokosa hewa, ni milimoli 6 kwa lita, mara mbili ya ile ya kwenye damu. Hakuna aliyekiona kinundu, na hakuna haja ya kukiona. Maumivu yaliyorudi juu ya dawa, moyo uliopanda, maji yaliyorudi nyuma, mirija iliyojaa na maji mekundu vinatosha. Farasi huyu akifunguliwa tumbo usiku huohuo chini ya nusukaputi, kikonyo hukatwa, kipande cha utumbo kilichokufa huondolewa na ncha mbili huunganishwa. Akisubiriwa hadi asubuhi, kipande cha kuondoa huwa kirefu zaidi na moyo huwa umechoka kuvumilia nusukaputi.

Yapo mazingira yanayofanana na hayo lakini yanayotaka busara zaidi. Uvimbe wa sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba nao huleta maji mengi kwenye mpira na mirija iliyojaa, ila farasi huyo huwa na homa, na akishatolewa maji maumivu hupungua na kumwacha akiwa amezubaa. Aliyenyongwa huendelea kuumwa hata mfuko ukiwa mtupu. Tofauti hiyo hairidhishi kila mara, na madaktari wazoefu huwapeleka wote wawili hospitali, kwa sababu hata asiyehitaji kisu anahitaji maji ya mishipa kwa wingi na kutolewa maji tumboni usiku na mchana.

Haraka kuliko zote huhitajika kwa farasi jike aliyezaa wiki chache zilizopita na ambaye ghafla anashikwa na maumivu yasiyozuilika, tumbo likivimba mbele ya macho. Utumbo wake mpana umejipindua duara zima, na saa tatu au nne huweza kutosha kuuharibu usirudi. Katika eneo la Lexington, Kentucky, nchini Marekani, hospitali za farasi zimejengwa katikati ya mashamba ya kuzalisha farasi wa mbio, na wafanyakazi wa mashamba hayo hawangoji dozi ya pili ya dawa kwa jike wa namna hii. Wanampakia. Matokeo ya upasuaji wa ugonjwa huu katika eneo hilo yamekuwa miongoni mwa bora, na sababu kubwa ni ufupi wa muda kati ya dalili ya kwanza na meza ya upasuaji.

Kosa linaloua farasi wengi zizini ni dozi ya pili na ya tatu. Flunixin hutuliza maumivu na kushusha mapigo ya moyo yanayosababishwa na sumu, kwa hiyo ikirudiwa ndani ya saa 12 bila uchunguzi mpya huficha zile dalili ambazo zingetoa uamuzi. Dawa ya kutuliza ya muda mfupi kama xylazine, inayofanya kazi kwa takriban nusu saa, inafaa zaidi, kwa kuwa maumivu yakirudi yanaonekana. Maumivu yanayorudi ndani ya saa moja baada ya dawa kamili ni sababu ya kusafiri, hata kama mkono haukugusa kitu.

Kabla ya safari hospitali hupigiwa simu, mpira hupitishwa tena na kuachwa ukiwa umefungwa kwenye hatamu ili mfuko usipasuke njiani, na karatasi yenye saa, dozi na vipimo vyote husafiri na farasi. Mwenye farasi anapaswa kuwa amekwisha kujibu swali la gharama. Pale ambapo upasuaji haupatikani au haumudiki, na dalili zote zinaonyesha utumbo ulionyongwa, dawa za kutuliza haziwezi kuugeuza. Kinachobaki kwa haki ya mnyama huyo ni kufishwa bila maumivu, na uamuzi huo nao una saa yake: ufanywe angali anaweza kusimama, usingojewe hadi alfajiri.